Anza na Tundu: Panki, Gothi na Granji

Waweke panki, gothi na granji kwenye benchi moja, na mpita njia atakuambia wote ni vijana wa roki waliovaa mabuti. Mimi huanza na tundu. Kila mmoja ana tundu kwenye nguo yake. Swali ni limepatikanaje.

La panki limechanwa makusudi. London, miaka ya 1976 na 1977, katika duka la Vivienne Westwood na Malcolm McLaren pale namba 430 King's Road, nguo ilichanwa kisha ikashikizwa kwa pini za nepi, na pini zikaachwa wazi kila mtu azione. Chuma cha panki kinafanya kazi na kutukana kwa wakati mmoja: njumu mabegani mwa jaketi la ngozi, mnyororo wenye kufuli shingoni, zipu mahali pasipofunguka kitu. Tazama ile suruali ya drafti za Kiskoti: ukanda umeunganisha mguu na mguu, mvaaji hawezi kupiga hatua ndefu. Anataka umwangalie, tena ukasirike.

La gothi limefumwa. Lesi ni nini kama si matundu yaliyopangwa kwa subira? Soksi za wavu vilevile. Magothi wa kwanza walitokea kwa mapanki, mwimbaji Siouxsie Sioux akiwa mfano wazi, na kilabu cha Batcave kilipofunguliwa Soho, London, mwaka 1982 bado uliziona ngozi na njumu. Ndiyo maana watu huchanganya. Basi shika kitambaa. Mahameli nyeusi ukiipapasa kinyume cha manyoya yake inazidi kuwa nyeusi. Nailoni haikupi hilo. Madini yake ni fedha, na hayafungi chochote, yananing'inia tu: misalaba, popo, pete nzito. Gothi hatafuti ugomvi nawe. Amevaa kama mfiwa wa enzi za Malkia Victoria, na jioni nzima ameitumia kupaka wanja.

La granji limekuja lenyewe, gotini, kwa kuvaliwa. Seattle, Marekani, ilikozaliwa granji, ni mji wa mvua na baridi, na shati zito la drafti lilikuwa la wakata magogo kabla ya wanamuziki kulinunua kwa bei ya mtumba. (Kitambaa chake, flaneli, ndicho kilichotupa neno fulana, ingawa sisi tumelihamishia kwenye vazi jingine kabisa.) Chuma hakuna, ukiacha zipu ya jinzi. Msimamo wake ni kutojali, au kujifanya hujali. Mwaka 1992 mbunifu Marc Jacobs, akiibunia mavazi kampuni ya Perry Ellis, aliichapa drafti hiyo kwenye hariri, akafukuzwa kazi. Hariri ile haikuwa na tundu.

Sweta la Kurt Cobain, mwimbaji wa kundi la granji la Nirvana, alilovaa akirekodi na televisheni ya MTV Novemba 1993, lilikuwa nalo: alama ya kuungua, na kifungo kimoja hakipo. Mwaka 2019 liliuzwa mnadani kwa dola 334,000, halijafuliwa.