YAH: Kupokea Sehemu ya Kodi na Ratiba ya Kulipa Malimbikizo, Chumba Namba 4

8 Septemba 2025

Kwako Ndugu Hamisi,

Salaam. Natumaini u mzima pamoja na familia.

Nathibitisha kwa barua hii kwamba Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, nilipokea kwako sh 150,000 (shilingi laki moja na hamsini elfu) kwa njia ya simu. Stakabadhi namba 031 nimeiambatanisha. Ahsante kwa kulipa ulichokuwa nacho na kwa kuja mwenyewe kunieleza jinsi mshahara wako ulivyochelewa. Mpangaji anayekuja kusema ni rahisi kuelewana naye, na ndiyo maana nimekubali tupange malipo badala ya kukuandikia notisi.

Kabla hujalipa, ulikuwa unadaiwa sh 420,000: sh 60,000 zilizobaki kwenye kodi ya Julai, sh 180,000 za Agosti na sh 180,000 za Septemba. Fedha uliyoleta nimeanza kuitoa kwenye deni la zamani zaidi. Julai sasa imekwisha. Zilizobaki, sh 90,000, zimeingia Agosti. Kwa hiyo hadi leo unadaiwa sh 90,000 za Agosti na sh 180,000 za Septemba, jumla sh 270,000. Tafadhali linganisha na stakabadhi zako, na kama kuna malipo ambayo hayamo kwenye daftari langu, niletee stakabadhi au ujumbe wa muamala kabla ya tarehe 15 Septemba tusahihishe. Nisingependa tubishane mwezi Desemba juu ya fedha ya Julai.

Kama tulivyozungumza, deni hilo utalilipa kwa awamu nne, siku chache baada ya mshahara kuingia:

30 Septemba 2025: sh 60,000 (deni litabaki sh 210,000)
31 Oktoba 2025: sh 70,000 (litabaki sh 140,000)
30 Novemba 2025: sh 70,000 (litabaki sh 70,000)
31 Desemba 2025: sh 70,000 (deni limekwisha)

Awamu ya kwanza nimeipunguza kwa sababu ulisema mwezi huu una ada ya shule.

Awamu hizi ni za malimbikizo tu. Kodi ya kila mwezi, sh 180,000, inaendelea kulipwa kabla ya tarehe 5 kama mkataba unavyosema, kuanzia Oktoba. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanapunguza deni la zamani huku la mwezi mpya likiota. Ukiona huwezi kulipa vyote viwili kwa wakati mmoja, niambie mapema, tupunguze awamu na kuongeza miezi, kuliko kuruka kodi ya mwezi.

Sitaongeza faini wala riba yoyote juu ya deni hili mradi ratiba inafuatwa. Amana yako ya sh 180,000 iko palepale na haihesabiwi kama kodi. Itashughulikiwa siku utakapohama, kwa mujibu wa mkataba. Ukitaka kulipa zaidi ya awamu au kumaliza mapema, karibu sana. Kila malipo, hata yakiwa madogo, nitayaandikia stakabadhi inayoonyesha ni ya deni au ni ya kodi ya mwezi husika. Usimpe mtu mwingine fedha aniletee.

Ikitokea siku ya awamu haitawezekana, nijulishe kwa maandishi walau siku tatu kabla. Ujumbe wa simu unatosha. Awamu ikipita siku saba bila malipo wala taarifa, mpango huu utakuwa umevunjika. Deni lote lililobaki litatakiwa kwa pamoja na nitakupa notisi ya maandishi kwa muda uliomo kwenye mkataba. Sitafunga mlango wako kwa kufuli, sitakata maji wala umeme, na sitatoa vyombo vyako nje. Lakini naomba uelewe pia kwamba kupokea malipo ya sehemu hakumaanishi nimesamehe kilichobaki, wala hakubadilishi masharti mengine ya mkataba wetu.

Kuhusu bomba la bafuni linalovuja, hilo ni jukumu langu na halihusiani na deni. Fundi atakuja Jumamosi tarehe 13 saa nne asubuhi. Ile ndoo uliyoiweka chini ya kona ya bomba iache hapohapo mpaka afike, maana ukuta umeanza kunyonya maji.

Nakala ziko mbili. Ukiridhika, weka sahihi zote mbili, ubaki na moja na nyingine unirudishie kabla ya tarehe 15.

Wako,
Bi Mwanaidi
Mwenye nyumba

Nimeisoma barua hii, nakubali kwamba nadaiwa sh 270,000 na nitalipa kwa ratiba iliyoandikwa hapo juu.

Hamisi, mpangaji, chumba namba 4