Maneno ya kumuaga Rehema kwenye chai ya wafanyakazi

Jamani naomba tusikilizane kidogo. Wale wa nyuma endeleeni na chai yenu hakuna ugomvi, ila simu ziwekeni sailenti. Bosi kaniambia niongee kwa ufupi, nikaitikia, akaniangalia akarudia tena "kwa ufupi", kwa hiyo bosi shikamoo, nimekusikia na nitajitahidi.

Tumekaa hapa kwa ajili ya mdogo wangu Rehema wa takwimu. Jumamosi anapanda ndege kwenda Helsinki, Finland, kusoma shahada ya pili ya takwimu, miaka miwili, krediti 120 na tasnifu humo humo ndani. Na kapata skolashipu. Makofi najua mlishapiga siku barua ilipotoka lakini pigeni tena tu, hii sio habari ya kupigiwa makofi mara moja ikaisha.

Mimi nimepewa kuongea sio kwamba najua sana kuongea, ni kwa sababu meza yangu inatazamana na yake. Na mtu mnayetazamana kuanzia asubuhi mpaka jioni unamjua kuliko hata yeye anavyojua kwamba unamjua. Mimi Rehema akiona namba haijakaa sawa najua kabla hajafungua mdomo, anaacha kutafuna peni, anasogeza kiti mbele, alafu anaenda kuchukua fomu ya karatasi kwenye kabati kabla hata hajagusa simu.

Wengi humu mnamjua kwa ukorofi wa mafaili. Ukimtumia kitu kinaitwa `ripoti_mwisho_mwisho2.xlsx` hafungui ng'o, anakurudishia na meseji ya maneno mawili, "mwisho ipi?" basi. Watu walinung'unika sana hapa, mimi nikiwa mbele kwenye foleni ya kunung'unika, lakini leo ofisi nzima tunaanza na mwaka, mwezi, siku, na nimeona hata faili za bosi siku hizi zina tarehe mbele. Sisemi nani kashinda.

Ila ningependa muondoke na kitu kingine kuhusu huyu binti, maana hiki cha mafaili mnakijua wote. Kuna kipindi fomu za mwezi zilikuwa zinakuja kutoka tawi moja, silitaji, na namba zake zilikuwa nzuri, safi, hazina kosa hata moja. Sisi tukafurahi tukaingiza. Rehema akazikazia macho alafu akaniambia kaka hebu angalia, hii ya mwezi huu na ya mwezi uliopita na ya mwezi juzi zinafanana mpaka tarakimu ya mwisho, watu hawaishi hivi. Sasa mwingine hapo, na nikisema mwingine najijumuisha, angeandika imeili moja kali, akawaweka mabosi wote kwenye kopi, tawi zima likatetemeka. Yeye alibeba simu akatoka nje koridoni, akaongea kama nusu saa huko. Kumbe mwenye kazi ile alikuwa likizo ya uzazi, na kijana aliyeachiwa fomu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha zinajazwaje, akawa ananakili ya zamani anabadilisha mwezi. Alikuwa anaogopa kuuliza tu masikini. Rehema akamfundisha kwa simu, mstari kwa mstari, siku hiyo na kesho yake, namba zikarekebishwa, na kijana hakuaibishwa. Hapa ndani habari hii aliijua bosi, kwa sababu lazima ajue, na mimi kwa sababu nakaa mkabala na nina masikio. Leo naisema kwa ruhusa ya yule kijana mwenyewe, ndo huyo hapo anacheka karibu na dirisha, na kuanzia Jumatatu kiti cha Rehema anakikalia yeye.

Kwa hiyo mkiuliza anaenda kusoma nini, watawaambia takwimu. Mimi naona takwimu anaenda kuongeza tu, kile kingine cha kujua kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu kaiandika na pengine mtu huyo kakwama, hicho alishakuwa nacho na sina hakika kama chuo chochote kinakifundisha.

Alafu tusijifanye kwamba imekuwa rahisi. Hii safari tunayoishangilia leo ilishawahi kukataliwa. Mara ya kwanza alipoomba barua ilikuja ya asante kwa kuomba, lakini. Ile "lakini" tuliisoma wote wawili kwenye kompyuta yake, akafunga dirisha akafungua fomu za mwezi akaendelea na kazi, sikumsemesha mpaka jioni. Na yale majibu ya mtihani wa lugha wa IELTS yanakubalika miaka miwili tu, kwa hiyo huku anasubiri dirisha la maombi lifunguliwe tena huku saa inamkimbiza, asipopata safari hii inabidi alipie mtihani upya. Saa za mapumziko mnazomwona hayupo na sisi mkadhani anaringa, alikuwa anaandika barua ya maombi. Mimi nimeisoma ile barua kwa matoleo mengi mpaka nikawa naiota, na niseme ukweli ile ya kwanza ilikuwa na maneno makubwa makubwa, ile iliyoshinda ilikuwa inaeleza fomu zetu tu, zinavyokuja, zinavyokosewa, na yeye anataka kujua nini cha kufanya pale namba zinapokosekana. Ukurasa mmoja na kidogo.

Na hapa nimshukuru bosi hadharani, maana likizo ya masomo haikuwa lazima aipitishe, na alivyoipitisha hakumfanya mtu ajisikie anaomba msamaha.

Sasa Rehema, huko unakoenda. Mimi sijafika, ila nimesoma kidogo ili nisikuage kama mtu asiyejua unaenda wapi. Unafika mwezi wa nane bado pana joto lao la kiangazi, usidanganyike. Mwezi wa kumi na mbili Helsinki jua linachomoza mnamo saa tatu na nusu asubuhi na ikifika saa tisa na robo alasiri limeshazama, yani unaingia darasani giza na unatoka giza. Usije ukafikiri unaumwa au umekosea kwenda, ni jua tu halipo, na wenyewe waliozaliwa huko inawachosha pia. Toka nje mchana hata kama ni nusu saa, kula vizuri, lala. Likirudi linarudi kwa fujo, mwezi wa sita linazama karibu saa tano usiku, hapo utalalamika huwezi kulala na sisi tutakwambia tulijua tu. Masomo yako ni ya Kiingereza sawa, lakini Kifini nacho nimeambiwa jina moja linabadilika mwisho wake kwa namna kama kumi na tano, nilipomwambia Rehema hivyo hakushtuka kabisa, akasema kaka sisi na ngeli zetu tutashindwaje. Haya, tunasubiri ripoti.

Kitu kingine, watu tukiaga tunapenda sana kusema "usitusahau", tunamtwika mtu mzigo na mabegi yenyewe tayari yamezidi kilo. Mimi nakwambia mwezi wako wa kwanza huko tusahau. Usikimbilie kujibu kila kitu kwenye grupu, zile salamu za asubuhi zenye maua ziache zipite, tafuta kwanza chumba chako, kibali chako cha ukaazi, duka liko wapi, basi namba ngapi, pata mtu mmoja wa kunywa naye kahawa, na hao watu wana sifa ya kunywa kahawa nyingi kuliko karibu nchi zote duniani, utampata tu. Sisi tupo. Siku ukiwa na hamu ya kuongea Kiswahili na mtu bila sababu yoyote, piga, hata kama huna la kusema. Hasa kama huna la kusema.

Na nyie wengine, naomba mnisikilize hapa maana hii ndo hotuba yenyewe. Rehema kakabidhi kazi. Kaandika daftari zima, lile la jalada la bluu, liko kwenye droo ya juu, kila ripoti inatoka wapi, nani wa kumpigia, fomula ipi ukiigusa kila kitu kinaharibika, mpaka printa inavyotaka karatasi zipepewe kabla ya kuwekwa. Kakaa wiki mbili na mwenzake bega kwa bega. Kwa hiyo mwezi wa tisa nisisikie mtu kamtumia meseji "dada samahani lile faili la mwaka jana liko wapi" wakati yeye yuko kwenye lekcha. Nawajua. Nitawajua kwa sababu ataniambia. Daftari lipo, kijana yupo, mimi nipo. Tumuache mtoto wa watu asome. Kitu tunachoweza kumpa kizuri kuliko vyote ni kuziweza hizi kazi bila yeye, ingawa najua mwanzoni tutapepesuka kidogo na kuna mwezi ripoti itachelewa, bosi naomba nikuandae kisaikolojia mapema.

Rehema mdogo wangu, mimi sina maneno mengi ya kulia. Ile meza ya mbele yangu itakuwa na mtu na nitamzoea, ila nitakumisi, hiyo naisema waziwazi mbele ya watu. Nitamisi hata ile peni iliyotafunwa. Umekuwa mwenzangu wa kazi mkweli, umenisahihisha mara nyingi na hujawahi kunisahihisha mbele ya watu, na mimi ni mkubwa kwako kwa umri ningeweza kukasirika lakini hukunipa nafasi. Nenda salama. Ukifaulu vizuri tutafurahi, na likitokea somo likakushinda pia useme, hatukupendi kwa ajili ya maksi.

Haya, zawadi. Tumechanga wote, na niwapongeze hakuna aliyekimbizwa sana. Ni koti, zito, la baridi ya kweli sio la mvua, lina kofia na mifuko ya ndani. Saizi tumebahatisha kwa kumvalisha dada wa mapokezi kwa siri stoo, maana mnalingana mabega, akavuja jasho humo ndani mpaka tukamuonea huruma, kwa hiyo kama kuna joto limebakia ni la kwake. Na kuna bahasha kwenye mfuko wa kushoto, hiyo usiifungulie hapa.

Njoo Rehema, livae mbele za watu tupige picha, alafu bosi utafunga.