Ripoti ya Tukio: Akaunti 6 za Barua Pepe Zimeingiliwa

Kwa: Menejimenti Kuu
Kutoka: Kitengo cha Usalama wa Mifumo

Jumatatu saa 3 asubuhi, wafanyakazi 41 walipokea barua pepe iliyojifanya imetoka Rasilimali Watu, ikiwataka wahakiki mishahara. Sita waliandika nywila zao kwenye ukurasa bandia.

Kilichotutia hofu zaidi ni akaunti ya mhasibu. Mvamizi aliweka kanuni iliyohamisha kimyakimya kila barua yenye neno “ankara” kwenda folda ya `RSS Feeds`, kisha akatuma namba mpya ya benki kwa jina la msambazaji wetu. Mhasibu alimpigia msambazaji simu kwanza. Hakuna fedha iliyotoka. Anastahili shukrani.

Tumefuta kanuni hiyo, tumebadili nywila na kuziondoa akaunti zote sita kwenye kila kifaa.

Tunaomba idhini leo: uthibitishaji wa hatua mbili kwa wafanyakazi wote.