Usiku wa Kuamkia Kiingereza

Kesho yake saa mbili asubuhi Atupele angeingia chumba cha mtihani kwa mara ya pili, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kurudia Kiingereza kilichomwangusha alipomaliza kidato cha nne. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza Mbeya, na baridi ilipenya hadi kwenye chumba cha shangazi yake, Mwanjelwa, alipoketi amejifunga kitenge mabegani, macho yakimuwasha kwa usingizi. Tangu alfajiri alikuwa sokoni akipanga viazi kwenye sado, kwani siku ya mzigo kutoka Uporoto haikujua mtihani wa mtu.

Miezi yote ile alisoma hivyohivyo, baina ya mteja na mteja. Mchana alikariri vitenzi visivyofuata kanuni; jioni alipanda daladala kwenda Soweto kwa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakumtoza ada ila alimtaka alete insha moja kila alipokuja. Mwalimu huyo alisahihisha kwa penseli ya kijani, polepole, huku akimsomesha kwa sauti sentensi aliyoikosea. Kosa moja lilirudi kila wiki: Atupele aliandika Kiingereza kwa mwendo wa Kiswahili, akitumia hali timilifu pamoja na jana, kwa kuwa nyumbani kila mtu husema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka.

"Ukishaitaja jana, wakati umefungwa," mwalimu alimwambia. "Tumia wakati uliopita wa kawaida. Andika tena."

Aliandika tena mara nyingi kiasi cha kuichukia hiyo jana. Haikuwa ajabu, shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta biolojia na jiografia zote kwa Kiingereza, akazikariri bila kuzielewa, kama walivyofanya wengi darasani mwake.

"Mwanangu, hujalala?" shangazi aliuliza kutoka kitandani.

"Namalizia zoezi moja, shangazi."

Zoezi lenyewe lilikuwa kwenye kijitabu alichonunua Kabwe, kilichotolewa kopi hadi herufi zikafifia. Alijibu maswali kumi, akafungua kurasa za majibu, na la saba likamkatisha tamaa: yeye alikuwa ameandika wakati uliopita, kijitabu kikaandika hali timilifu. Alishika kifutio. Akaisoma sentensi kwa sauti ya chini, kama alivyozoezwa Soweto, akafika mwisho na kulikuta neno la jana limekaa palepale.

Aliweka kifutio chini, akachukua kalamu, akalikata jibu la kijitabu na kuandika lake juu yake. Kisha akaichomeka karatasi yenye namba yake ya mtahiniwa ndani ya mfuko wa sweta, akamwambia shangazi amwamshe saa kumi na moja.