Barua ya kuwasilisha filamu fupi "Pindo"

Ndugu Mpangaji wa Programu ya Filamu Fupi,

YAH: KUWASILISHA FILAMU FUPI "PINDO" (DAKIKA 13, SEKUNDE 40)

Naomba kuwasilisha Pindo, filamu ya kwanza kuiongoza, ifikiriwe kwenye programu yenu ya filamu fupi za kubuni. Urefu niliouandika hapo juu ni pamoja na majina ya mwisho. Filamu haijaonyeshwa mbele ya hadhira popote wala haijawekwa mtandaoni. Mkiichagua, onyesho lenu litakuwa la kwanza kabisa.

Kisa chake ni hiki. Kijana anapeleka koti la marehemu baba yake kwa fundi cherehani aliyelishona miaka mingi nyuma. Anataka lipunguzwe alivae siku ya harusi yake, maana anamkumbuka baba yake kuwa mtu wa mwili mkubwa. Analivaa mbele ya kioo, vifungo havifikiani. Koti linambana. Fundi anaanza kufumua ubavuni ili aliachie, na hapo anakutana na kazi ya mikono yake mwenyewe: koti lile alikwisha kulipunguza mara tatu. Mzee alikuwa anakonda, na kila nguo zilipoanza kumpwaya alikwenda kwa fundi kimyakimya, ili nyumbani wasijue kwamba anaumwa. Fundi alijua kwa miaka miwili. Kijana ndiyo kwanza anajua, na anajua kwa kuangalia kitambaa.

Ukiwa na nafasi ya kutazama sehemu moja tu kabla ya kuamua kuendelea, naomba iwe ile inayoanzia dakika ya 7 na sekunde 5. Ni shoti moja isiyokatwa, ya dakika 3 na sekunde 10, na hakuna anayesema neno. Fundi anachomeka ncha ya kifumulio chini ya uzi, anakata, anavuta, anakata tena. Kisha kijana anaushika upande uliofumuliwa na kuuinua mbele ya taa. Mwanga unapenya kwenye matundu ya sindano, mistari mitatu sambamba, kila mmoja umeingia ndani kidogo kuliko uliotangulia. Kamera haiendi kwenye uso wake. Inabaki kwenye kitambaa hadi mkono ulioshika unapoanza kutetemeka.

Matundu yale ni ya kweli. Koti lilishonwa kwa ajili ya filamu, likapunguzwa mara tatu na fundi mzoefu, kwa nafasi tulizozipima, ili mwigizaji afumue mishono iliyoshonwa kweli. Mshono ukishafumuliwa umefumuliwa. Kuurudisha kungechukua nusu siku na kuongeza matundu mapya. Kwa hiyo tulikuwa na ubavu wa kushoto na wa kulia, yaani nafasi mbili tu za kupiga shoti ile. Ya kwanza ilipotea kwa sababu fokasi iliteleza: kwa lenzi ya makro ya milimita 100, mkono ukisogea hata kidogo uzi unatoka kwenye ukali. Mnachokiona ni ya pili. Mwigizaji anayecheza fundi alijifunza kushona kwa wiki sita kabla hatujawasha kamera, na naamini mtaliona hilo kwenye namna anavyolainisha kitambaa kwa kiganja kabla ya kukigusa na mkasi.

Kabla ya kuongoza nimefanya kazi ya sauti kwa miaka minane, zaidi nikiwa mshika kipaza sauti. Ukikaa miaka yote hiyo nje ya fremu, unajifunza kusikia watu wanapojizuia kusema jambo: pumzi inabadilika, kiti kinalia, mtu anagusa kitu kisichohitaji kuguswa. Nilitaka kutengeneza filamu inayosikiliza hivyo. Pindo haina muziki hata sekunde moja. Ina cherehani ya kukanyaga kwa mguu, ina uzi unaokatika, ina chumba chenyewe, ambacho tulikirekodi kikiwa kimya kila tulipohamisha taa. Tafadhali mtumie vipokea sauti vya masikioni mtakapoitazama kwenye kompyuta. Spika ndogo za kompyuta mpakato zinameza karibu kila kitu kinachotokea kati ya dakika ya 7 na ya 10, na hapo ndipo filamu ilipo.

Toleo la kwanza la uhariri lilikuwa na dakika 26. Lilikuwa na baba ndani yake: anaingia dukani, anavua koti, anapimwa. Mwigizaji wake alicheza vizuri sana, tena kwa siku nzima. Mhariri wangu ndiye aliyepima kuyaondoa matukio yale yote, akaniita nitazame bila kunieleza amefanya nini. Niliona mara moja kwamba tukimwona baba, matundu yanakuwa uthibitisho wa jambo tunalolijua tayari. Tusipomwona, matundu yanakuwa baba mwenyewe. Nilimpigia simu mwigizaji yule siku hiyohiyo kumweleza, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Jina lake limo kwenye orodha ya waigizaji, kwa sababu wenzake wawili walicheza filamu nzima wakiwa na kumbukumbu ya mwili wake kwenye lile koti.

Nimekuja kwenye maonyesho yenu kama mtazamaji kwa miaka mitatu mfululizo, na lipo jambo moja lililonifanya niwaandikie ninyi kwanza. Mnaacha giza la sekunde kadhaa kati ya filamu na filamu, hamkimbilii kuwasha taa. Pindo inamalizikia kwenye giza, cherehani ikiendelea kwa sekunde 11 baada ya picha kuondoka, na inahitaji ukumbi unaoliheshimu giza hilo. Kama mtanisikiliza katika upangaji, isiwekwe mara baada ya filamu yenye kelele nyingi. Masikio ya watu yanahitaji dakika moja au mbili kushuka.

Kuhusu mambo ya kiufundi, tulipiga kwa siku 4 ndani ya chumba kimoja, tukiwa watu 9. Nakala ya ukumbini ni DCP ya 2K, uwiano wa picha 1.85:1, fremu 24 kwa sekunde, sauti 5.1. Ipo pia nakala ya ProRes yenye sauti ya stereo. Lugha ni Kiswahili, na manukuu ya Kiingereza yapo ndani ya nakala ya kutazamia na pia kama faili la SRT peke yake, mkitaka kutafsiri zaidi. Mikataba ya waigizaji na mafundi wote imesainiwa, na haki zote za filamu ziko mikononi mwangu. Kiungo cha kutazamia na nywila yake nimevijaza kwenye fomu ya maombi. Nywila haitabadilika wala muda wake hauishi hadi mtakapotoa uamuzi. Picha 5 za filamu na bango nimeviambatanisha hapa.

Toleo mtakalolitazama ndilo la mwisho, rangi na sauti vimekamilika. Mkiihitaji, DCP inaweza kuwafikia ndani ya siku 7. Nitakuwepo kwa onyesho na mazungumzo na watazamaji siku yoyote mtakayonipangia, na mwigizaji aliyecheza fundi ameniambia naye atapenda kuja. Koti tunalo bado. Tutalileta, watu walishike.

Wako katika kazi,

Rehema
Mwandishi na mwongozaji wa Pindo