Matukio 226, wasemaji 14: modeli ya takwimu au uchanganuzi wa kimaelezo?

*Kikao cha usimamizi wa tasnifu ya umahiri, Kampala. Mada ni kudondoshwa kwa kiambishi yambwa (kama «nilipeleka mtoto» badala ya «nilimpeleka mtoto») katika Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kampala na Arua.*

Mwanafunzi: Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza kunukuu rekodi zote. Nina matukio 226 ya vitenzi vyenye yambwa ya mtu au mnyama. Kiambishi kipo katika 187, kimedondoshwa katika 39. Nilitaka idhini yako niendeshe regresheni ya lojistiki.

Msimamizi: Marahaba. Umepanga vigeu gani?

Mwanafunzi: Lugha ya kwanza, elimu, umri, jinsia, mahali, na aina ya yambwa: jina la mtu, nomino ya mtu, au mnyama.

Msimamizi: Tuhesabu. Lugha nne zinakula vipimo vitatu vya kukadiriwa na modeli, elimu ya ngazi tatu viwili, aina ya yambwa viwili, halafu umri, jinsia na mahali kimoja kimoja. Ni kumi. Katika regresheni hii nguvu ya data haitoki kwenye 226, inatoka kwenye kundi dogo, yaani 39. Wengi hukadiria matukio kumi ya kundi dogo kwa kila kipimo. Ni makadirio tu na yamepingwa, lakini yanakuonyesha ulipo: unaweza kubeba vipimo vitatu, labda vinne. Hiyo 39 inatoka kwa nani?

Mwanafunzi: Ishirini na mbili ni za wauzaji wawili wa soko la Owino, hapa Kampala. Wote ni Waganda.

Msimamizi: Kati ya matukio yao mangapi?

Mwanafunzi: Sitini na moja.

Msimamizi: Basi hao wawili wanadondosha asilimia 36. Ukiwatoa, wanabaki 12 wenye 17 kati ya 165, kama asilimia 10. Ukiandika «wasemaji hudondosha kiambishi kwa asilimia 17», utakuwa umeeleza kundi ambalo halipo. Jedwali la kwanza la sura ya nne liwe la msemaji mmoja mmoja, safu 14, kabla ya asilimia yoyote ya jumla.

Mwanafunzi: Lakini kuwa Waganda kunaunga mkono dhana yangu. Katika Kiganda unasema *ndabye omwana* bila kiambishi pale nomino inapofuata kitenzi. Ni athari ya lugha ya kwanza.

Msimamizi: Dhana ni nzuri, na nataka uitetee. Ila si kwa modeli. Una Waganda sita, Walugbara wanne, Wanyankole watatu na Mnubi mmoja. Kwa swali la lugha ya kwanza sampuli yako ni watu 14, hata ungerekodi matukio elfu mbili. Walugbara wote umewarekodi Arua?

Mwanafunzi: Ndiyo, wote, na hakuna mwingine niliyemrekodi huko.

Msimamizi: Basi kuwa Mlugbara na kuwa Arua ni kitu kimoja katika data yako, hakuna hesabu itakayovitenganisha. Na huyo Mnubi ni lugha nzima peke yake. Toa lugha, mahali na elimu kwenye modeli.

Mwanafunzi: Niliwahi kujaribu ya haraka kwa `glm`. Kwa majina ya watu ilinipa kadirio la 18.6 na kosa sanifu la 2140. Nikadhani nimekosea kuingiza data.

Msimamizi: Majina yana matukio mangapi?

Mwanafunzi: Arobaini na saba, yote yana kiambishi.

Msimamizi: Ndiyo sababu. Seli moja ina sifuri, kwa hiyo modeli inasukuma kadirio kuelekea ukomo na halifiki. Usiifute seli hiyo ili modeli itulie, maana ni moja ya matokeo yako bora. Ieleze wazi: sifuri kati ya 47. Kisha gawanya 3 kwa 47, upate kama asilimia 6, ambayo ndiyo mpaka wa juu wa asilimia 95 kama matukio yangekuwa huru. Hayako huru, kwa sababu mtu mmoja huchangia mengi, hivyo mpaka wa kweli uko juu zaidi.

Mwanafunzi: Kwa hiyo niache takwimu nifanye uchanganuzi wa kimaelezo? Watahini watasema nimekwepa hesabu.

Msimamizi: Watasema hivyo ukiokota mifano mitano mizuri na kuiita uchanganuzi. Matukio 39 yanasomeka yote, na hapo ndipo ukubwa mdogo wa kongoo unapokufaa. Soma kila moja na sentensi kumi kabla yake na tano baada yake. Kwa kila tukio lisilo na kiambishi tafuta lenye kiambishi la msemaji yuleyule, ikiwezekana kitenzi kilekile. Niambie, «natafuta kijana wa kubeba mizigo» umeihesabu?

Mwanafunzi: Ndiyo, kama udondoshaji.

Msimamizi: Hata Kiswahili sanifu kinairuhusu, kwa kuwa kijana huyo si mahususi, yeyote atafaa. Lakini «nilipeleka mtoto hospitali», ambapo mtoto ni wa msemaji na ametajwa tayari, ni jambo jingine. Umechanganya mawili, na modeli isingekuambia kamwe. Pitia 226 zote upya kwa swali hilo.

Mwanafunzi: Hapo naogopa, Mwalimu. Nikiona kiambishi, nitasema yambwa ni mahususi. Nisipokiona, nitasema si mahususi. Nitakuwa nazunguka.

Msimamizi: Hofu hiyo ni sahihi kabisa, na wengi hawaifikirii. Tengeneza nakala ambamo kiambishi kimefichwa: «nili[ ]peleka mtoto». Weka mabano kwenye matukio yote 226, yenye kiambishi na yasiyo nacho, na ufiche pia viambishi vya yambwa hiyohiyo katika sentensi za jirani. Changanya mpangilio. Weka alama ya umahususi na ya kutajwa awali ukiwa na nakala hiyo tu. Mwenzako aweke alama kwa matukio 60 bila kuona zako, mpate kappa, yaani kipimo cha makubaliano yenu. Kama kundi moja ni kubwa mno kappa inaweza kushuka hata mkikubaliana sana, kwa hiyo chapisha na jedwali la makubaliano lenyewe.

Mwanafunzi: Na modeli inabaki?

Msimamizi: Ndogo, baada ya usomaji. Vigeu viwili, msemaji kama athari nasibu, na makadirio ya awali yanayozuia ile 18.6:

```r
library(brms)
brm(kiambishi ~ imetajwa + aina + (1 | msemaji),
    data = d, family = bernoulli(),
    prior = set_prior("normal(0, 1.5)", class = "b"))
```

Ripoti makadirio na mipaka yake, hata ikiwa mipana. Kisha iendeshe mara 14, kila mara ukimwacha msemaji mmoja nje. Athari ya `imetajwa` ikififia ukimtoa mmoja wa wale wauzaji wa Owino, sema hivyo katika aya ileile, si kwenye kiambatisho.

Mwanafunzi: Ile dhana ya Kiganda je? Inakufa?

Msimamizi: Inahamia kwenye usomaji. Waganda wako wengine wanne hudondosha wapi? Kama ni nomino inapofuata kitenzi moja kwa moja, na kiambishi kinarudi nomino ikitangulia, kama «mtoto nilimpeleka», hapo una hoja inayofuata muundo wa Kiganda, tena kwa mifano. Kisha mtafute Mlugbara anayefanya vilevile. Lugha yake si ya Kibantu, na akifanya hivyo maelezo yako hayatoshi. Huyo lazima aonekane kwenye sura.

Mwanafunzi: Nianze na kipi?

Msimamizi: Sauti, kabla ya nakala iliyofichwa. Sikiliza tena zile 39. Kwenye kelele za soko, «nimempeleka» na «nimepeleka» hukaribiana, maana *m* mbele ya *p* humezwa. Usipokuwa na hakika ya tukio, liwekee alama ya shaka, uliondoe kwenye hesabu na useme umeondoa mangapi. Sikiliza vilevile 39 zenye kiambishi, usije ukawa mkali upande mmoja tu.