Salamu Zimefika, Habari Ziko Wapi?

Hombolo, Dodoma
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Mpendwa Baba,
Mbukwenyi.

Baba yangu nakujia, kwa heshima na salamu,
Machozi nimezuia, nimeishika kalamu,
Habari nakupatia, za watoto na kaumu,
Na hapa nimeishia,

Unaona mwenyewe, Baba, kwamba nimekwama kwenye mshororo wa nne wa ubeti wa kwanza,
na hilo neno kaumu nimelitia kwa ajili ya kina peke yake,
kwa kuwa tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa Hombolo akiwaita majirani zake kaumu.
Ungelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, ukaandika pembeni: "Limeazimwa, lirudishwe."
Naomba basi ruhusa niviache vina na mizani,
nikuandikie kwa mistari inayokwenda kwa kadiri ya pumzi yangu,
maana habari ni nyingi, na nyingine hazikubali kukatwa mizani kumi na sita.

Nilipokuwa bweni kule Kondoa nilikuletea kurasa mbili nzima za shikamoo,
nikaamkia kila aliye hai nyumbani, nikateremka hadi kwa mbuzi,
nawe ukanijibu kwa mstari mmoja, uliochukua siku tisa kunifikia:
"Salamu zimefika, habari ziko wapi?"
Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikajifunza kuandika barua.
Hii haitapita posta, lakini sitaki uniulize tena swali lile.

Mama hajambo. Presha yake imetulia tangu alipokubali kumeza vidonge kila asubuhi,
badala ya siku zile tu ambazo kichwa kilimuuma.
Siku hizi huketi kwenye kiti chako.
Mwaka wa kwanza hakuna aliyekikalia. Tulikizunguka kwa ufagio kama kwamba miguu yako ingali chini yake,
hata wageni walielewa bila kuambiwa, wakachukua vigoda.
Ndipo akaja fundi wa kuziba bati, kijana asiyetujua,
akakiketia, akaagiza maji, akayanywa yote, akaegemea nyuma.
Nilidhani Mama atamfukuza, kumbe alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga,
na fundi alipoondoka akakiketia yeye, tangu siku ile hajakiachia.
Analalamika kwamba mguu mmoja wa kiti ni mfupi,
na kwamba uliukalia ulemavu huo miaka yote bila kumwambia mtu.
Nimekunja kipande cha boksi, nimekiweka chini ya mguu huo. Bado kinayumba kidogo.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha mara mbili.
Redio yako inafanya kazi, ila antena imevunjika, imefungiwa waya.
Ngazi ingali kwa jirani. Tumeidai mara tatu, naye anasema ulimpa.
Kama ulimpa, hukutuambia; na kama hukumpa,
basi anajua vizuri kwamba shahidi wa pili hayupo.

Mjukuu wako ameanza darasa la kwanza, na ameng'oka meno mawili ya mbele,
kwa hiyo jina lake mwenyewe linamshinda.
Anasema atakuwa dereva wa treni. Hatukumfundisha.

Sasa nikueleze jambo la sensa, kwa kuwa ulikuwa mtu wa hesabu.
Karani alifika Agosti 2022, akiwa na kishikwambi chake na kizibao,
akaketi chini ya mbuyu, akauliza ni watu wangapi waliolala nyumba hii usiku wa kuamkia tarehe 23.
Mama akajibu, "Wanne," bila kusita, akaanza kuwataja,
na jina lako akalitaja la kwanza, kama ilivyo adabu.
Mdogo wangu akatazama chini. Karani alikwisha kuandika.
Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Watatu, mwanangu. Futa hapo," na karani akafuta,
kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye picha.
Baadaye wakatangaza kwamba Watanzania tumefika 61,741,120.
Kila ninapoisikia namba hiyo kwenye taarifa ya habari, najua imepungua mmoja hapa kwetu.

Na treni, Baba. Nimeichelewesha makusudi, kwa kuwa ndiyo habari uliyokuwa ukiingoja.
Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huu,
nami nimeipanda Alhamisi iliyopita, nilipopewa likizo.
Uliyaona mataruma yake ya zege yakishushwa, ukayagonga kwa fimbo, ukasema,
"Zege halina shukrani, taruma la chuma ukilikosea linapiga kelele, hili litapasuka kimya kimya."
Sijui kama ulisema kwa ujuzi au kwa wivu, na nadhani yote mawili yalikuwamo.
Tiketi nilikata kwa simu, kiti kina namba, na hakuna anayepandisha kuku.
Inakwenda kilomita 160 kwa saa, na glasi ya maji mezani haimwagiki;
nilimwomba mhudumu maji kwa ajili ya kupima jambo hilo tu, wala sikuwa na kiu.

Kulipopambazuka vizuri nilitega sikio nisikilize viungo vya reli,
kama ulivyotufundisha, mkono mmoja ukiwa umeshika saa na mwingine ukigonga goti,
tukahesabu mishindo, kisha ukatuambia mwendo, nasi tukakuona mchawi.
Sikusikia kitu. Reli hizi zimechomelewa zikawa uzi mmoja, hazina viungo vya kugonga,
kwa hiyo nilikaa na goti langu bila kazi kutoka Ngerengere hadi Morogoro.
Baada ya Kilosa inaingia kwenye mahandaki, inatoka hili inaingia lile,
na kule bondeni, kando ya mto, niliiona kwa muda mfupi reli yako ya zamani, ile ya upana wa mita moja.
Nilifikiria masika yale ambayo mafuriko yalilisomba tuta la reli njia ya kwenda Gulwe,
na gengi lenu la wafanyakazi wa reli likalala juu ya mawe wiki tatu, likiirudisha reli mahali pake kwa mataruma na mikono,
nawe ukarudi na kucha mbili zilizokufa, ukadai kwamba hujachoka.
Abiria wa pembeni yangu alikuwa amelala. Sikuwa na wa kumwonyesha.

Tulifika Dodoma kabla saa nne za safari hazijatimia.
Nilisimama kwenye jukwaa na begi langu, watu wakinipita,
nikapiga hesabu ambayo nilikuwa nimejikataza kuipiga tangu Pugu.
Machi ile ya 2022 nilitoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, mara tu mdogo wangu aliponipigia simu,
na basi likaharibika Gairo, tukakaa kando ya barabara na wauza vitunguu
tukisubiri kipuri kutoka Morogoro, saa nne na nusu;
nilizihesabu kwa saa yako, ile uliyonipa nilipopata kazi.
Kila nusu saa mdogo wangu alipiga kuniuliza nimefika wapi,
na kila mara nilimjibu kwamba tunaondoka sasa hivi.
Tulipokuwa Kibaigwa akapiga tena, na safari hii hakuniuliza nilipofika.
Alisema, "Dada, sasa usiwe na haraka."

Sijawahi kukuandikia hilo. Nimeliandika, tuendelee.

Jiji linapanuka. Mtumba kumejaa majengo ya wizara,
na njiani kuja huku nimeona vijana wakipima viwanja, wakisimika bikoni hadi kwenye mashamba ya uwele.
Ulizoea kusema kwamba makao makuu yalitangazwa kuhamia kwetu mwaka 1973,
ukiwa kijana asiye na ndevu, na kwamba yakifika utakuwa huna meno.
Uliwahi kuyaona, na meno ulikuwa nayo karibu yote.
Vumbi halijabadilika. Mvua hatuitegemei kabla ya Desemba,
na jua la mwezi huu linapasua hata ndala.

Nimeliacha shamba la zabibu kuwa la mwisho, nawe unajua kwa nini.
Mwaka jana mdogo wangu alipogolea peke yake.
Ulituimbia kila msimu: macho mawili kwa kila tawi, la tatu ni tamaa.
Yeye aliacha matano, akasema kwamba macho mengi ni vichala vingi, na hesabu yake ilionekana safi.
Mizabibu ikaota majani kama kichaka, hewa haikupita, ubwiri unga ukaingia,
na vichala vilivyobaki vilikuwa vingi kweli, vidogo kama vya maua, vyenye unga mweupe.
Mnunuzi alikamua punje moja, akadondosha tone kwenye kipima sukari chake,
akachungulia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo,
akakifuta kwa shati, akachungulia tena, kisha akatoa bei ambayo sitaiandika.
Mdogo wangu hakula jioni ile. Usimkaripie, Mama alikwisha kufanya hivyo kwa niaba yako,
na kwa sauti yako hasa, hata mbwa aliinua kichwa.

Msimu uliofuata Mama alisimama nyuma yake na fimbo,
tawi kwa tawi, mstari kwa mstari, akisema moja, mbili, kata,
yeye ambaye miaka yote hiyo tulidhani anakuletea chai tu.
Agosti tulivuna vizuri. Zile nyekundu za Makutupora zililemea waya,
nasi tukamlipa fundi wa bati, tukanunua sare za mjukuu,
tukakujengea kaburi kwa tofali za kuchoma, na maandishi yake nimeyasahihisha mwenyewe:
fundi alikuwa ameandika "amelale", nikamfutisha kabla saruji haijakauka.

Leo jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda. Mama amekwisha kulala.
Nimeandika haya kwenye daftari la mjukuu, kwa hiyo usishangae mistari mipana,
na nitaikunja niitie kwenye kopo la biskuti, pamoja na ile yako ya mstari mmoja.

Kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunaanza kupogolea.
Mkasi wako nimeunoa kwa jiwe lile lile la mlangoni.
Mstari wa kwanza ni wangu, na nitaacha macho mawili kwa kila tawi, kama ulivyotaka,
isipokuwa kwa ule mzabibu wa pembeni, karibu na choo cha zamani,
ambao ulitishia kuung'oa miaka sita mfululizo, nami nikakuomba kila mwaka uuache.
Ule nitauachia matatu.

Mwanao,
Nyemo